Grisi Chini ya Kiti cha Shangazi

Shangazi yangu aliendesha tipa la machimbo ya kokoto miaka tisa, na wote tulijua anavyoshuka: anaruka kutoka mlangoni, pu, kisha anajifuta mikono. Siku alipoteremka kinyumenyume, ameng'ang'ania vyuma, nikajua mambo yameharibika.

"Mgongo, mwanangu. Ijumaa narudisha funguo."

Iliniuma. Lile tipa alilipenda kuliko wengi wetu, na tulikuwa tunamtania kwamba kaolewa na gari.

Mimi ni fundi wa karakana hapohapo, na nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mbona Bonge, mwenzake wa zamu ya mchana, halalamiki? Gari moja, njia moja, kiti kimoja.

Kiti kile kina springi chini, na kishikio cha kuzungusha kulingana na uzito wa dereva. Nilipochungulia nikakuta kimekazwa hadi mwisho, kama kwa mtu wa kilo mia na thelathini. Shangazi ana hamsini na tano.

"Hujawahi kukilegeza?"

"Kakiweka Bonge. Kiti cha mkubwa wako hukichezei," alijibu.

Nikapaka grisi kwenye reli kiti kinapopandia na kushukia, ili ikwanguke kwa kadiri kiti kinavyocheza, nikamwacha aende na kurudi na mzigo. Grisi ilikwanguka upana wa ukucha tu, tena juu kabisa. Springi zilikuwa ngumu mno kwake, hazichezi, na kila shimo la njiani lilipita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wake. Nikaipaka upya, nikamsubiri Bonge. Yeye na kilo zake mia na kitu: upana wa kidole kimoja. Hilo sikulitegemea.

Asubuhi nilimketisha shangazi, nikalegeza hadi kiti kikatulia katikati. Nikizidisha, kitagonga chini, na hilo nalo ni pigo. Safari ile grisi ilikwanguka vidole vitatu.

Mgongo haukupona siku ile. Nilimkataza kuruka. Nikamwambia akishuka atembee kidogo kabla ya kuinua chochote, na kwenye makorongo apunguze mwendo. Ijumaa akaenda ofisini kweli, funguo mkononi, akaomba greda lisawazishe njia. Funguo akarudi nazo.

Mchana Bonge akapanda, kiti kikadidimia.

"Nani kachezea kiti changu?"

"Chetu, kaka," shangazi alisema, akiwa bado ameshika ngazi. "Zungusha kishikio kifuate uzito wako. Nawe ulikikaza mno."

"Nilitaka kisichezecheze. Nilidhani kucheza ndiko kunakoumiza."

"Kwani wewe unaumwa?"

Bonge alinitazama mimi kwanza, akaona sicheki.

"Mwaka wa sita huu mke wangu ananivalisha soksi."

Shangazi akapanda tena hadi mlangoni, akainama taratibu, akakishika kile kishikio. "Kaa vizuri," akasema. "Niambie kikifika katikati."