Saa Tano Kasoro Robo

Ripoti yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja Shanzu, ilikuwa na kurasa sita na uongo mmoja.

Mfuatano wa matukio niliupanga kwa dakika. Saa nne nilianza kuweka programu mpya kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta zetu. Saa nne na robo swichi ikazima na kuwaka upya, na kompyuta za mapokezi zikakosa mtandao huku wageni wamepanga foleni na masanduku yao. Saa tano kasoro robo nilirudisha programu ya zamani. Mapokezi bado kimya. Saa tano na nusu mtandao ukarudi.

Kwenye sehemu ya chanzo cha tatizo niliandika kwamba programu mpya ilikuwa na kasoro. Ukweli ni kwamba mwezi uliopita nilibadilisha mipangilio ya mapokezi nikasahau kuihifadhi, na swichi ilipozimika ikaisahau; mtandao ulirudi nilipoiweka upya kwa mkono. Kazi hii nimejifundisha kwa video za simu, niliogopa kufukuzwa.

Mkuu wangu, mama wa Kisauni, aliweka kidole kwenye saa tano kasoro robo.

"Mwanangu, ile programu mbovu ulikuwa ushaitoa. Mbona mapokezi hawajapona?"

Umakini wangu mwenyewe ulikuwa umenishtaki. Nikamweleza yote.

"Basi yaandike hayo."

Nikaiandika upya, na mwishoni nikaorodhesha mafunzo kumi na moja; akayakata, akabakiza moja tu, la kuhifadhi mipangilio kabla ya kuzima swichi. Chini yake akaandika: "Na mkuu aulize kama imehifadhiwa." Akatia sahihi.

"Kesho utaiweka tena ile programu mpya," akasema.

"Mimi?"

"Nani mwingine hatasahau tena?"