Swali la Kumi na Tisa

Mwanamke wa Misima alinisimulia habari ya mtoto wake huku akimenya mihogo, bila kuinua macho.

"Sikuonyeshwa," alisema. "Nilisikia tu mtu anasema, lete kitenge. Kisha wakatoka naye. Leo mtu akiniuliza alifanana na nani, sina la kumjibu. Na mimi ndiye niliyembeba miezi tisa."

Nilikuwa nimeandika daftari zima la maneno ya akina mama kama yeye, kuanzia Handeni hadi vijiji vya Korogwe. Wote walikuwa wamejifungua watoto waliokwisha kufa, au waliokufa kabla hata ya kulia. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, na sasa nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulikuwa wa kutengeneza dodoso jipya, la kuwauliza mama hawa walivyohudumiwa. Niliamini kwamba jambo likiulizwa kwenye karatasi, siku moja wakubwa watalazimika kulijibu. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kutokana na daftari lile nilitunga maswali thelathini na mbili. La kumi na tisa, kama nilivyomwambia mwenyewe, lilitoka kwa mwanamke wa Misima: Je, uliulizwa kama ungependa kumwona mtoto wako?

Dodoso haliendi kwa watu hivihivi. Kwanza linapelekwa kwa jopo la wataalamu, kila mmoja alisome peke yake, bila kushauriana na wenzake, aseme kama kila swali kweli linahusu kile kinachopimwa. Anatoa alama moja mpaka nne. Moja maana yake swali halihusiki kabisa, nne linahusika sana. Kisha unahesabu ni wangapi waliotoa tatu au nne. Nilikuwa na wataalamu sita: daktari wa magonjwa ya wanawake, wakunga wawili, mwanasaikolojia, ofisa ustawi wa jamii na mhadhiri wa mambo ya vipimo. Kwa watu sita, swali lilihitaji angalau watano walipe tatu au nne. Likipungukiwa, unalirekebisha au unalitoa.

Kabla sijalituma nilimpigia simu msimamizi wangu chuoni. Nilitaka yule mwanamke wa Misima awe mtu wa saba kwenye jopo.

"Yeye ndiye aliyepitia, mwalimu," nilimwambia. "Nani anajua zaidi yake?"

"Akina mama wataingia hatua inayofuata, tutakapotaka kujua kama wanayaelewa maswali," alisema. "Jopo ni la wataalamu, dada. Usinichanganyie mambo."

Sikubishana naye. Nilikuwa mwanafunzi, na yeye ndiye aliyekuwa na sahihi.

Fomu ziliporudi nilikaa mezani kwangu Kwamndolwa, nikajumlisha. Maswali mengi yalipita vizuri. La kumi na tisa lilipata wanne kati ya sita. Daktari alikuwa ametoa mbili, akaandika pembeni: "Liko nje ya maelezo yako." Mkunga mmoja, mstaafu, alikuwa ametoa moja na hakuandika kitu.

Nilimkasirikia daktari siku nzima, mpaka nilipofungua ukurasa wa kwanza wa fomu, ule unaowaeleza wataalamu tunapima nini. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: huduma anayopata mama tangu anapopokelewa hospitalini hadi anapojifungua. Hadi anapojifungua! Daktari alikuwa amesoma nilichomwandikia, akajibu kwa haki. Kumwona mtoto huja baada ya kujifungua. Mpaka niliouchora mwenyewe ulikuwa umemwacha nje.

Nilijiuliza kwa nini niliuchora pale, na jibu halikuwa mbali. Katika miaka yangu wodini mimi pia nilikuwa nimesema, lete kitenge. Nilifunga, nikabeba, nikatoka, na nikirudi niliongea na mama habari za kidonda na dawa. Kwangu kazi iliishia mtoto anapotoka. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyoandika.

Msimamizi aliniambia nilitoe, yalibaki mengine ya kutosha. Nikalitoa. Tukaingia hatua ya akina mama, kusoma nao swali moja baada ya jingine na kuwauliza wameelewa nini.

Mwanamke wa Misima alikuja amevaa khanga mpya, kama anayekwenda arusini. Alikuwa amemaliza darasa la saba na alipenda kusoma mwenyewe. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari, akanieleza maana ya kila swali kwa maneno yake. Alipofika ukurasa wa mwisho aliugeuza akaangalia nyuma. Akarudi mwanzo. Nilijua anatafuta nini, na sikuwa na ujasiri wa kumsaidia.

"La kwangu liko wapi?" aliuliza.

"Lipi?"

"Dada, unalijua."

Nilimweleza habari ya jopo, wataalamu sita, wanne waliokubali. Alisikiliza kwa adabu.

"Hao wawili," alisema, "walishawahi kufiwa?"

"Sijui."

"Hukuwauliza?"

Alinirudishia karatasi zangu akizinyoosha pembe, akasema ana mahindi ya kupalilia.

Nilikwenda chuoni mwenyewe, ana kwa ana, nikamwambia msimamizi kwamba kosa lilikuwa langu, maelezo yangu yalikuwa mabaya, na kwamba wataalamu wanastahili kulisoma swali upya chini ya maelezo sahihi. Alisoma tena ukurasa wangu wa kwanza. Kisha akakubali duru ya pili, kwa maswali yaliyorekebishwa tu. Nilitoka pale mwepesi. Nilihesabu njiani: daktari akibadilisha alama yake, tunakuwa watano kati ya sita. Inatosha.

Lakini daktari alikuwa amekwenda kusoma nje ya nchi. Barua pepe hazikujibiwa, simu haikupatikana. Nilisubiri mwezi mzima. Jopo likabaki na watu watano, na kanuni niliyoiandika mwenyewe kwenye pendekezo la utafiti ilisema kwamba jopo likiwa na watu watano au chini ya hapo, lazima wote wakubali. Wakiwa wachache, mmoja anakuwa na uzito mkubwa. Wanne walirudisha fomu mapema, na kwa swali la kumi na tisa wote walikuwa wameandika nne.

Akabaki mkunga mstaafu. Anaishi Kerenge, na kwa kuwa hana barua pepe, fomu nilimpelekea kwa mkono, nikaifuata baada ya wiki moja. Huyo ndiye aliyenifundisha ukunga. Mikono yangu ilijifunza kila kitu kwa mikono yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia, karibu chai."

Alinipa fomu ikiwa imekunjwa mara nne. Niliifungua palepale, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Alikuwa ameandika mbili.

Nadhani aliona uso wangu. Aliweka kikombe chini.

"Soma nilichoandika."

Safari hii alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake wa kujaza chati: "Litamwumiza mama."

"Mwanangu," alisema, "mwanamke ambaye hakuonyeshwa mtoto anadhani ndivyo ilivyo dunia. Ametulia na hilo. Wewe ukimwuliza kama aliulizwa, siku hiyo ndiyo anajua kwamba ingewezekana kuulizwa. Unamfanya afiwe mara ya pili."

"Mama, wanajua tayari. Ndio walioniambia."

"Wote?"

"Wengine."

Uani kuku walikuwa wakiparua majani makavu. Nilimwona akiangalia mikono yake.

"Nimewafunika wengi," alisema hatimaye. "Nilikuwa nawahi. Nilikuwa naona kwamba nikichelewa mama atageuka, atamwona, atapiga kelele, na wodi nzima itasikia. Nilifikiri ni huruma. Sasa wewe unaleta karatasi inayosema haikuwa huruma."

"Haisemi hivyo, mama."

"Inasema." Alinyoosha mkono. "Lete kalamu. Unataka niandike ngapi?"

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Neno moja tu lilitakiwa. Angeandika tatu bila kunung'unika, kwa sababu ananipenda, na swali lingepita, na hakuna ambaye angejua. Mpaka leo sijui kama nilichofanya kilikuwa uaminifu au woga uliovaa nguo ya uaminifu.

"Siwezi kukuambia, mama. Ni lazima liwe la kwako."

"La kwangu ndilo hilo."

Tukanywa chai. Aliuliza habari za watoto wangu, nikajibu. Aliponisindikiza barabarani alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Msimamizi hakushangaa. Nilimwomba tulibakize, tueleze sababu kwenye tasnifu.

"Wanne kati ya watano," alisema. "Wewe mwenyewe uliandika wote watano. Ukilibakiza, watakuuliza uliita jopo la nini kama hulisikilizi."

Alikuwa sahihi. Katika shughuli ile kila mtu alikuwa sahihi kwa sehemu yake: daktari aliyesoma maelezo, mwalimu aliyelinda kanuni, mama yangu wa kazi aliyesema alichoamini. Nilitafuta wa kumlaumu nikakosa, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nililifuta swali. Yaliyokuwa chini yake yakapanda namba moja moja, na wastani wa alama za dodoso zima ukawa mzuri sana. Watahini waliusifu.

Sasa dodoso linatumika katika wodi kadhaa. Mama anaulizwa kama alipokelewa kwa heshima, kama alielezwa kinachoendelea, kama alipata dawa ya maumivu. Majibu ni mazuri, na kwa kweli mengi ya mambo hayo yameboreka. Nilikaa kwenye kikao mjini Korogwe yaliposomwa, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Hakuna aliyedanganya. Karatasi ilisema kweli kuhusu yote iliyoyauliza. Ila wodini vitenge bado vinaletwa haraka. Mimi siku hizi nimerudi wodini, na nikiwa zamu namwuliza mama, kwa sauti ndogo, kama anataka kumwona. Wengine wanataka. Nikishuka zamu sijui nani anauliza.

Mwanamke wa Misima sikumrudia. Nilipaswa kwenda kumwambia kwamba nilijaribu tena na kwamba lilipungukiwa mtu mmoja. Nilipanga kwenda baada ya mavuno, kisha baada ya mfungo, kisha nikaacha kupanga. Nikisafiri kwenda Handeni kikazi, gari likikaribia Misima huwa natoa simu yangu na kuanza kusoma jumbe za zamani, moja moja, mpaka tupite.