Doa kwenye Kifua cha Mume Wangu

Mume wangu alikohoa tangu mwisho wa masika mpaka vumbi la kiangazi lilipoanza kutanda mtaani kwetu Cheyo, na muda wote huo hakukosa maelezo. Ni fundi seremala, kwa hiyo alisema ni unga wa mbao za mninga. Kisha akasema ni baridi ya alfajiri. Mimi nilimwamini hadi asubuhi moja nilipoliokota shati lake la kulalia nikalikuta limelowa jasho, kana kwamba limetolewa kwenye beseni. Suruali zake nilikuwa tayari nimezipunguza viuno kwa cherehani yangu mwenyewe.

"Baba watoto," nikamwambia, "leo karakana haifunguliwi. Tunakwenda hospitali."

Hakubisha. Kutobisha kwake ndiko kulikonitia hofu ya kwanza.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mwanetu mkubwa. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akamuuliza mengi, akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akamwagiza atoe makohozi ya kupimwa na apigwe picha ya kifua. Picha ilipotoka, daktari alikuwa ameitwa wodini kwa mgonjwa mahututi. Muuguzi akatuambia turudi kesho, naye daktari ataisoma pamoja na majibu ya makohozi. Tukaondoka na bahasha kubwa ya kaki. Njia nzima kutoka hospitali ya Kitete niliibeba kwa mikono miwili, kama sinia la chai ya moto.

Nyumbani tulimkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anatusubiri barazani. Aliitoa filamu kwenye bahasha kabla sijavua viatu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, jua la alasiri likapenya kwa nyuma. Nikakiona kifua cha mume wangu kwa ndani. Mbavu zilikuwa nyeupe, mapafu meusi, na katikati kulikuwa na kivuli kikubwa cha moyo. Chini, upande mmoja, palikuwa na kidoa cheupe cha mviringo, kama punje ya mahindi.

"Shemeji, hiki ni nini?" akaniuliza.

Nikasogea karibu na kioo. Naye akainua simu, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia.

Majibu yalianza kuingia kabla chai haijachemka. Mmoja aliandika kwamba mapafu yameshaliwa, ndiyo maana ni meusi. Mwingine akamtuliza, mapafu yakiwa na hewa ndivyo yanavyotoka. Kisha wifi yangu wa Dar es Salaam akapiga simu. Ni mwalimu, mtu wa kutafuta mambo mpaka ayapate. Alikuwa amefungua mtandaoni picha ya kifua cha mtu mzima mwenye afya, akailinganisha na yetu.

"Wifi, uko peke yako?" akaniuliza.

Nikatoka uani.

"Moyo wake umehama. Kwenye picha zote umeelekea huku, wa kaka umeelekea kule. Kuna kitu kinausukuma. Na hilo doa, wifi, nimeona yanayofanana nalo. Ni kansa."

Nikakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa. Nilitaka kumwuliza ana hakika gani, nikaogopa asije akanionyesha. Kupitia mlango niliweza kumwona mume wangu ameketi mkekani, anamweleza shemeji jinsi atakavyoimalizia meza ya msikitini. Nikamtazama kifuani, pale penye punje. Magharibi ilipoadhiniwa nilisimama kuswali, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshayasoma yote. Simu yake nayo ilikuwa kwenye kundi. Tulipobaki wawili akaniambia, taratibu kabisa, "Vyombo vyangu vya kazi usiviuze. Mpe mdogo wangu." Nikamwambia anyamaze.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Tulipoingia, nilimpa daktari simu badala ya bahasha. Nilishaanza kuiona ile picha ya simuni kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Aliitazama, akanirudishia. "Mama, filamu yenyewe iko wapi?"

Nikampa. Alisoma kwanza jina na tarehe, kisha akaipachika kwenye sanduku la mwanga ukutani. Moyo ukawa umeelekea upande mwingine.

"Umehama tena!" nikasema.

"Haujahama. Angalia herufi hii pembeni. Ni alama ya upande wa kushoto wa mgonjwa. Filamu ikitazamwa sawasawa herufi inasomeka, na kushoto kwake kunakuwa kulia kwetu, kama mtu anayekutazama. Kwenye simu yenu herufi imegeuka. Mliibandika kwa nyuma."

Mume wangu akaachia pumzi, ikaishia kwenye kikohozi.

"Na hiyo punje?" akauliza.

Daktari alisogea karibu. "Mahali ilipo, inaweza kuwa kivuli cha chuchu tu. Wanaume nao huwa nacho, na wakati mwingine huonekana upande mmoja. Lakini sitakisia, baba. Utapigwa nyingine, tukibandika vipande vidogo vya waya kwenye chuchu. Waya ukikaa juu ya punje, tumejua."

Nilikuwa nimeanza kulia kwa nafuu alipopandisha kidole juu, nyuma ya mfupa wa bega. "Mimi kinachonisumbua ni hapa."

Tulitazama. Sikuona kitu, mpaka alipopazungusha kidole: utando hafifu, kama moshi uliobaki chumbani moto ukishazimwa. Upande wa pili haukuwapo. Niliifungua tena picha ya simuni. Pale pale ulipokuwa moshi, ilipita nondo ya dirisha letu.

"Ni nini?" nikauliza.

"Picha peke yake hainiambii. Panaweza kuwa na kovu la zamani, nimonia, kifua kikuu, hata uvimbe. Nikiunganisha na jasho, kukonda na kikohozi cha muda mrefu, nawaza kifua kikuu. Lakini makohozi ndiyo yatakayosema."

Kwa hiyo tukasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko usiku uliopita, maana sasa hofu haikuwa na mahali pa kushika. Picha ya pili ilitoka kwanza. Waya ulikaa juu ya punje. Kisha maabara ikaleta majibu: kifua kikuu.

Wifi alilia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimekauka. Daktari alitueleza kwamba dawa ni za miezi sita, kila siku bila kuruka, kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na tusishtuke, na kwamba sisi tunaolala naye nyumba moja tupimwe. Mwanangu wa mwisho alipoitwa ndani nilishika ukuta. Alitoka salama, akapewa dawa za kinga.

Miezi ile ilikwenda. Kikohozi kilipungua, suruali nikaziachia tena viuno, na makohozi yalipopimwa mara ya mwisho hayakuwa na wadudu. Nikaomba apigwe picha nyingine, nitulie. Ule moshi ulikuwapo bado, mwembamba zaidi, umejikunja kama uzi.

"Hajapona," nikasema.

"Amepona, mama. Hilo ni kovu, linaweza kukaa hapo maisha yake yote. Ndiyo maana utunze filamu hizi. Siku akipigwa nyingine, atakayeisoma ataihitaji hii ya kulinganisha."

Nimeziweka kabatini, juu ya nguo za sikukuu. Mume wangu yuko karakana, anaranda mbao, siku hizi amejifunga kitambaa puani. Akikohoa mara moja tu, mguu wangu huacha kukanyaga cherehani. Nasubiri kama kitafuata cha pili.