Mtunza Ghala Aliyeshindwa Kusema "I Worked"

Ghala lilipofungwa, Othmar Kapinga hakuambiwa kwamba kazi imekwisha. Aliambiwa asubiri. Meneja wa chama cha ushirika aliwakusanya watumishi uwanjani, akawaeleza kuwa serikali imeruhusu kampuni binafsi zinunue kahawa, chama kimezidiwa, kwa hiyo warudi makwao mpaka watakapoitwa. Meneja mwenyewe akahamia Songea. Hakuna aliyeitwa.

Othmar alikuwa mtunza ghala. Kahawa ya vijiji vingi vya Umatengo ilipita mikononi mwake, na akipenyeza vidole kwenye gunia alijua kama imekauka au mtu ameliharakisha jua. Sasa hakuna gunia lililoingia, lakini kila asubuhi alivaa shati lake la kola, akateremka mjini Mbinga hadi langoni. Alitazama kufuli. Alizunguka nyuma kuona kama mfereji umezibwa na majani, akayazoa kwa mikono, ndipo akapanda tena mlimani kulima. Mkewe, Gertrude, alimwona akitoka, akaendelea kufagia uwanja.

Watu wakimuuliza habari za kazi, alijibu, "Mimi nimefanya kazi ushirika miaka mingi." Kiswahili kilimpokea hivyo hivyo. Hakuna aliyetaka kujua zaidi.

Mwaka 1996 kampuni moja ya kununua kahawa ikalikodi ghala lile. Mafundi wakaja, wakaanza kukwangua jina la chama ukutani. Zikatangazwa nafasi za kazi, mojawapo ya mtunza ghala, na sharti likawa ajue Kiingereza, kwa kuwa taarifa zote zingekwenda kwa mabwana wa nje. Edina, binti yao, ndiye aliyeleta habari hizo mbio mbio. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja kuitwa chuo cha ualimu.

"Baba, hii ni yako. Nani mwingine anaijua kazi ile?"

"Kiingereza changu ni cha kuhesabu magunia tu, mwanangu."

"Nitakufundisha. Watakuuliza umefanya kazi muda gani. Tuanzie hapo."

Wakaanza mchana ule ule, nje ya jiko, Gertrude akipukuchua maharage kando yao. Othmar alijitahidi, akasema, "I have worked since eleven years."

"Hapana, baba. Since inataka mwanzo. Siku, mwaka, jambo lililotokea. Since 1985. Since I married mama. Urefu wa muda unataka for. For eleven years."

"Mbona sisi tunasema tangu miaka kumi na moja iliyopita?"

"Sisi tunasema. Wao hawasemi."

Hilo akalishika upesi. Since ni mlango ulioingilia, for ni urefu wa chumba. Jioni alikuwa anamtania mkewe, "Gertrude, I have loved you since 1972," na mama wa watu, asiyejua hata neno, akacheka kwa sababu alisikia jina lake. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika nyumbani mle kitambo.

Siku ya pili Edina akageuka mgumu kidogo.

"Baba, kuna jambo nililiacha. I have worked ni ya kazi inayoendelea. Ulianza zamani na mpaka leo upo. Kama imekwisha, unasema I worked. I worked here for ten years."

"Eleven."

"Ten, baba. Uliingia themanini na tano, ghala likafungwa tisini na tano. Huu mwaka wa mwisho haumo."

Othmar aliangalia mikono yake. "Na since?"

"Since haikai na worked peke yake. Huwezi kusema I worked since 1985. For inakubali pande zote mbili, iliyokwisha na inayoendelea. Since inataka jambo ambalo bado lipo."

"Kiswahili hakinisumbui hivi."

"Kiswahili kinakuacha, baba. Ukisema nimefanya kazi, unaweza kuwa upo, unaweza kuwa umeondoka. Kiingereza kinakubana, kinakuuliza: upo, au umeondoka?"

Gertrude aliacha kupukuchua. Edina naye alijuta alivyolitamka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba yake akainuka, akasema anakwenda kuangalia migomba.

Hata hivyo alirudi, akajifunza. Juma zima alirudia wakati wa kupalilia, wakati wa kunawa, hata njiani kwenda kanisani: I worked here for ten years. Aliitamka vizuri. Edina akamwambia wamekwisha kuipata kazi.

Siku ya usaili wakateremka pamoja. Edina akabaki langoni. Othmar akapitishwa ndani, na walipofungua chumba cha usaili, akakuta ni ofisi yake. Meza ni ile ile, yenye alama ya duara mahali alipokuwa akiweka chupa ya chai. Wakamkalisha upande wa wageni. Upande wa kiti chake alikaa dada mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyejitambulisha kwa jina la Nasma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Nasma hakuwa na ubaya wowote. Alimwuliza habari za safari, akamwomba radhi kwamba sasa lazima waongee Kiingereza. Kisha akauliza, "How long did you work here?"

Othmar alilisikia lile did, la kazi iliyokwisha. Mtu asiyemjua, aliyefika juzi tu, alikuwa amekwisha kufunga hesabu yake yote kwa neno moja. Nje, kwenye ukuta, mafundi walikuwa wakilikwangua bado jina la chama, na harufu ya kahawa ya zamani ilikuwa haijatoka mle chumbani. Jibu alikuwa nalo. Alifungua mdomo alitoe.

"I have worked here since 1985," akasema.

Nasma akamtazama kwa upole. "You mean, you worked here? Before?"

Alikuwa amefunguliwa njia. Ilitosha kuitikia yes.

"No, madam. I have worked. Since."

Yule dada akashusha kalamu. Akarudi kwenye Kiswahili ili asimwaibishe. "Mzee, uzoefu wako ni mkubwa. Ila taarifa zetu zinakwenda nje, kosa dogo la lugha linaleta mkanganyiko. Utanisamehe."

"Si kosa, mama," alisema Othmar. Akaaga.

Langoni Edina alimsoma usoni kabla hajafika. "Walikuuliza lile?"

"Waliniuliza."

"Ukasema?"

Akamwambia. Edina akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka pale pale mbele ya walinzi. "Baba! Mbona tulikuwa tumelijua?"

"Nilikuwa nalijua, mwanangu. Nilikuwa nalijua sana."

Ndipo binti alipoelewa, akamshika mkono, wakapanda mlima.

Kazi akapewa kijana mmoja, Methodi, aliyetoka Songea. Edina akaitwa chuoni, na baadaye akapangiwa shule ya Mbaha, kule chini ziwani, mbali na nyumbani. Othmar hakwenda tena langoni. Msimu ulipofika kahawa yake ilikuwa nzuri, lakini alipoishonea gunia na kuliegemeza mlangoni hakuweza kulibeba kwenda nalo ghalani kule. Gertrude akajitwisha gunia kichwani, akateremka nalo. Othmar aliketi kwenye ngazi, katika shati la shambani, akamtazama mpaka alipopotelea kwenye kona ya chini, kisha akainamisha uso juu ya magoti na kulia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari za msiba ambao wenzake wote wameshaanua matanga yake.