Unywele Mmoja Majini

Shemeji yangu hujiita Profesa wa Rangi. Cheo hicho hakupewa na mtu, alikipaka mwenyewe juu ya mlango wa saluni, kwa herufi za dhahabu ambazo sasa zinabanduka. Ndani ana viti vitatu, kioo chenye ufa na mdomo usiojua likizo. Mteja akiuliza swali, Profesa hucheka kidogo kupitia puani, kisha humjibu kana kwamba anamhurumia. Mimi nasuka kwenye kiti cha pembeni. Nimevumilia kicheko hicho kwa sababu moja tu: mkewe ni dada yangu.

Dada alikuwa na nywele za kufika mabegani, alizozilea kwa miaka. Zilikuwa zimenyooshwa kwa dawa, na Profesa mwenyewe ndiye aliyezinyoosha, wiki chache tu kabla ya hapo. Asubuhi moja akatangaza kwamba atazitia blichi ziwe za dhahabu, apige picha, aibandike dirishani. Nikamwambia dawa moja bado haijapoa kichwani, asiilundikie nyingine. Akacheka kupitia puani. Dada akakaa kitini, kwa kuwa alimwamini mumewe, jambo ambalo mpaka leo linanishinda kulielewa.

Weusi wa nywele zake ulikuwa mgumu kutoka. Mtu mwenye akili angeishia kwenye rangi ya chungwa akashukuru. Profesa akaongeza blichi juu ya blichi, akafunika kichwa kwa nailoni, akaenda kumsimulia mteja aliyekuwa akisubiri jinsi alivyo bingwa. Aliporudi na kufunua, akashika shungi moja, akalisugua kati ya vidole, uso ukamng'aa.

"Gusa hapa," akaniambia. "Zimelainika kama za mtoto mchanga."

Nikagusa. Zilikuwa zinateleza na kunata, kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Nikashika unywele mmoja, nikauvuta taratibu. Unywele mzima ukilowa huvutika kidogo, ukiuachia hurudi. Huu ulirefuka, ukarefuka tena, ukabaki umelegea hivyo hivyo, kisha ukakatika bila hata sauti. Profesa alikuwa ameshachukua kitana cha meno membamba, na kwa mkono wa pili anavuta mashine ya kukaushia.

"Weka kitana chini," nikamwambia. "Huo si ulaini. Nywele zinayeyuka."

Akaanza kunisomesha. Sikumngoja amalize. Nikamwinua dada, nikamlaza kwenye sinki, nikafungulia maji ya uvuguvugu na kuyaacha yatiririke bila kusugua, mpaka uteute wote wa blichi ukaisha, na baada ya hapo nikaendelea kumwaga. Nikatia shampuu laini kidogo kwa viganja tu, nikasuuza, nikapaka kondishena bila kupitisha hata kidole kati ya nywele. Nikazikandamiza kwa fulana ya pamba, maana taulo lingezing'oa. Kitana sikukigusa, wala moto, wala rangi ya kuficha aibu. Profesa alitaka kutia hiyo rangi. Nilimtazama mpaka akatafuta kazi ya kufagia.

Sinki lilikuwa limejaa nywele zilizokatika. Zilizobaki shinani zilikuwa bado zina nguvu, kwa sababu blichi ya pili haikufika huko. Zilizokuwa zimegeuka uji hazikuwa na tiba. Hakuna mafuta yanayofufua unywele wa namna hiyo, na anayeuza mafuta hayo ni Profesa.

Dada akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Alilia kidogo, akajifuta.

"Kata wewe," akaniambia. "Yeye asiniguse tena."

Nikakata zikabaki fupi kabisa. Kwa bahati, ana kichwa kizuri. Profesa, asiyejua haya, akampiga picha dada akiwa ameinamia meza ya mapokezi, anapofanyia kazi, akaibandika dirishani na kuiita mtindo wake mpya.

Haukupita muda, akaingia mwanamke mwenye nywele ndefu, zimenyooshwa juzijuzi, harufu ya dawa bado inasikika. Alitaka dhahabu. Profesa akamfunga shuka shingoni, akaonyesha ile picha, akasema yule ni mke wake na ile ni kazi ya mikono yake.

Dada alikuwa pale pale mapokezi. Akafungua droo, akatoa kibahasha, na ndani yake shungi la nywele zake zilizokatika siku ile, alilolihifadhi bila kuniambia. Akachomoa unywele mmoja, akautumbukiza kwenye glasi ya maji aliyokuwa akinywa, akauacha ulowe. Kisha akamletea mteja.

"Vuta," akasema. "Hiyo pia ni kazi ya mikono yake."

Mwanamke akavuta. Ukarefuka, ukarefuka, mpaka ukakatika. Akatazama vidole vyake, akamtazama Profesa, akajifungua shuka mwenyewe.

Profesa alicheka kupitia puani. Hakuna aliyemsikiliza.