Macho Yaliyokuwa Chini ya Mkono

Aliyenifundisha kupiga picha, kule Uvira, Kongo, alinipa sheria moja tu: jua liwe mgongoni mwako. Nilivuka mpaka na sheria hiyo, nikaishi nayo Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, miaka mingi bila kuihoji. Kila Jumapili baada ya misa nilisimama kwenye uwanja wa kanisa, jua likinichoma kisogo, na wateja wangu wakilitazama moja kwa moja kama watu wanaodaiwa jibu. Nilipojaribu kuwapeleka chini ya paa la kanisa, kwenye kivuli, walikataa wenyewe. Kivulini, walisema, foto inatoka nyeusi. Basi nikawaacha juani, nikapokea pesa yao, na wao wakaenda na nyuso zilizokunjwa. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu Nakivale ana picha ya namna hiyo ukutani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Mjane mmoja alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kivu ya Kusini kama mimi, analima maharage upande wa pili wa barabara. Mume wake nilimpiga picha Jumapili moja saa sita mchana. Jumatano iliyofuata alianguka shambani, akapelekwa hospitali Mbarara, akafa bila kusema neno tena. Mama alikuwa ameikunja picha ile ndani ya kitenge. Aliifungua akaiweka mbele yangu, akaigonga kwa kidole.

"Binti yangu, minataka umutengeneze," alisema. "Tunamaliza matanga Jumamosi ya wiki inakuja. Siwezi kuweka hii sura mbele ya batu."

Niliitazama. Macho yalikuwa mistari miwili. Nyusi zimeshuka, mfereji umechimbika katikati yake, pua imejikunja, mashavu yamepanda, na mdomo wa juu umevutika hadi meno yanaonekana. Kwenye mashimo ya macho kulikuwa na kivuli cheusi. Ilikuwa kazi yangu kabisa, ningeitambua hata gizani.

"Ni jua tu, mama," nilimwambia.

"Hapana. Alikuwa amenikasirikia." Aliketi. "Ile siku asubuhi tuligombana. Alitoa mbegu yetu ya maharage akapatia ndugu yake, hakuniuliza. Nikamwambia maneno mingi. Akaenda kanisani yeye peke yake. Njo vile alipigwa foto na ile kisirani yote. Tazama, amekunja uso."

Lugha yetu ni maskini mahali hapo: anayekasirika anakunja uso, na anayepigwa na jua anakunja uso. Ningemweleza vipi tofauti, na picha yenyewe haisemi? Nilimwambia nitajaribu. Alipoondoka nilikasirika, kwanza na jua, halafu na mwalimu wangu wa Uvira, ambaye hakuwepo kujitetea.

Nilianza kwa kiburi. Kompyuta yangu ina programu ya kurekebisha picha, na ndani yake mna kifaa cha kusukuma sehemu za uso kama unavyosukuma unga uliokandwa. Nilisukuma kope za juu kwenda juu, za chini kwenda chini. Macho yakafunguka. Nikamwita mama aje aone.

Aliangalia muda mfupi. "Huyu mutu ameshituka," alisema. "Ni kama ameona mbwa."

Alisema kweli. Mtu akifinya macho, sehemu kubwa ya mboni inafichwa na kope, na kilichofichwa hakimo kwenye picha. Ukivuta ule ufa mdogo, unapata ufa mkubwa wenye ukungu ndani yake. Tena nilikuwa nimefungua macho peke yake, huku nyusi, pua na mashavu vikiendelea kupigana na jua. Uso haukunjwi mahali pamoja. Macho yale yalisema jambo moja na mashavu jambo lingine, na hakuna binadamu anayekaa hivyo isipokuwa ana wazimu.

Njia ya kweli ninaijua, ila huwa ninaikwepa kwa sababu ni ndefu: unatafuta picha nyingine ya mtu yule yule, ya siku ile ile ikiwezekana, kichwa kikiwa kimeelekea upande ule ule, na humo unachukua macho yaliyo wazi. Nilimuuliza mama kama ana nyingine. Alicheka bila furaha. Nyingine zilibaki nyumbani kwao, na nyumba yenyewe haipo.

Hapo uvivu wangu ulinifaa, kwa mara ya kwanza katika maisha. Kila Jumapili nahamishia picha zote kwenye kompyuta, nachagua nzuri, mbaya nazitia kwenye folda niliyoiita Za Kutupa. Kuzitupa sijawahi. Nilishinda asubuhi nzima nikipita kwenye midomo wazi na watoto waliogeuka, mpaka nikamkuta. Ilikuwa picha iliyotangulia ile nyingine, sekunde chache tu kabla. Alikuwa ameinua mkono wa kulia hadi kwenye paji la uso kukinga jua, na chini ya kivuli cha mkono ule macho yake yalikuwa wazi, yametulia, yananitazama. Mdomo ulikuwa katikati ya neno.

Nilikumbuka yote. Alikuja na kofia, nikamwambia aivue, kwa sababu kofia huweka kivuli usoni. Akainua mkono badala yake, nikabofya kwa bahati mbaya. Nikamwambia, "Teremsha mukono, papa, unaharibu foto." Akauteremsha. Mtu mwenyewe alijua dawa ya jua, mara mbili, na mara mbili nikamnyang'anya.

Nilifanya kazi siku mbili. Sikuchukua macho peke yake safari hii, nilichukua eneo lote kuanzia chini tu ya mkono, nyusi zikiwemo, hadi juu ya mashavu. Nililigeuza kidogo sana, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeinama kwenye picha yenye mkono, nikalilinganisha ukubwa, nikalainisha kingo zake mpaka ngozi ikaungana na ngozi. Vipande vya kivulini huwa vya giza na vina ubuluu, kwa hiyo nilivipa mwanga na joto mpaka vikafanana na shavu lililoko juani. Ndipo nikarudi kwenye unga wangu: nikashusha mashavu kidogo, nikashusha mdomo wa juu ukafunika meno. Mikunjo ya pua na mfereji wa katikati ya nyusi niliipunguza nusu, sikuifuta. Alikuwa mkulima wa miaka yake, mikunjo mingine aliipata kabla yangu.

Nikapanda gari asubuhi kwenda Mbarara kusafisha picha. Fundi wa duka lile ni Mnyankore mpole, tunafahamiana kwa miaka, yeye ananiita nyabo, yaani bibi, nami namwita ssebo, bwana, na Kiswahili chake alikipata kwa wateja. Aliifungua kwenye kioo chake kikubwa, akakisogelea.

"Nyabo, umefanya kazi," alisema. "Lakini hii macho imekufa."

"Mwenyewe amekufa, ssebo."

"Pole. Lakini hapana kufa hivi." Alinionyesha kwa kalamu. "Hakuna taa ndani. Jua iko, macho haioni jua."

Nilitaka kubisha, nikaona ni kweli. Chini ya mkono jua halikufika kwenye mboni, kwa hiyo macho niliyoyahamisha hayakuwa na ile nukta nyeupe ya mwanga ambayo kila jicho hai linayo. Tuliangalia kivuli cha pua kimeangukia wapi, kushoto na chini, ndipo tukajua jua lilitoka kulia na juu. Aliweka nukta mbili ndogo hapo, kila jicho yake, akazififisha mpaka hazionekani kama zimewekwa. Mume wa yule mama akatutazama. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuficha, nikamnunulia fundi soda.

Niliipeleka nyumbani kwa mama ikiwa kwenye fremu. Alikifuta kioo kwa kitenge ingawa kilikuwa safi. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni yeye," alisema.

Nilingoja shukrani. Yeye akauliza, "Haya macho umetoa wapi?"

Ningeweza kusema kompyuta. Watu wanaiamini kompyuta kuliko wanavyoniamini mimi. Lakini alikuwa ameniuliza akinitazama usoni, na mimi nilikuwa nimebeba deni la kofia na la mkono tangu siku mbili zile. Nilitoa simu, nikamwonyesha picha yenye mkono.

"Ni yake mwenyewe, mama. Ya siku ile ile, saa ile ile. Hakukuwa na kisirani. Mimi njo nilimutoa kofia, mimi njo nilimwambia ateremshe mukono. Ile sura niliikunja mimi."

Aliishika simu kwa mikono miwili. "Hapa alikuwa anasema nini?"

Nilikuwa nakumbuka, kwa sababu ni neno ambalo wateja wote huniambia, na siku zote huniudhi. Sikujua kwamba lina thamani hadi nilipoanza kulitamka.

"Alisema, 'Fanya mbio, mama, kuko mutu ananingoja ku nyumba.'"

Nje jirani yake alikuwa anatwanga, na tulisikia mchi ukipanda na kushuka.

"Sikukuwa namungoja," alisema mwishowe. "Nilifunga mulango nikaenda kwa jirani. Nilitaka afike asikute mutu."

Nilikuwa nimekuja kumpunguzia mzigo, nikamwongezea. Nina aibu kwamba jambo la kwanza nililofikiri ni kuwa heri ningenyamaza. Aliniona ninavyohangaika. Akanigusa goti, yeye ndiye akanifariji mimi.

"Lakini alikuja mbio," alisema. "Nilisikia jirani anasema, bwana yako amepita anakimbia ku ile jua, ni nini? Nikafikiri anakuja kunigombeza."

Akacheka, machozi yakamtoka, na akaendelea kucheka. Aliisimamisha ile fremu ukutani, ikae hapo mpaka siku ya matanga. Halafu akanirudishia simu.

"Hii nayo unisafishie. Ndogo, ya kuweka mu Biblia. Usitengeneze kitu."

Wiki hiyo hiyo nilirudi Mbarara. Fundi aliifungua kwenye kioo, akainua kalamu yake kwa huruma ya mtu anayejua kazi.

"Nyabo, hii mukono inafunika uso. Natoa?"

"Acha, ssebo," nilimwambia. "Anamtafuta mke wake."