Boti Haiandiki Makala

Mwaka ule nilikuwa nachungulia shahada ya uzamivu kwa karibu kabisa. Chuo chetu cha Kilifi kilidai kitu kimoja tu: makala iliyokubaliwa na jarida, jina langu likiwa la kwanza. Ninayo, nikasema moyoni. Nilizamia baharini kule Kuruwitu hadi ngozi ikanyauka, nikipima nyasi za baharini ndani ya hifadhi na nje yake. Takwimu nilizichambua mimi, na makala nikaiandika mimi. Msimamizi wangu ndiye aliyetoa wazo la utafiti na kunirekebishia kila ukurasa, kwa hiyo jina lake likakaa mwisho, pale wanapokaa wasimamizi.

Rasimu ikapitia kwa mkuu wa idara. Ikarudi na majina matatu, lake juu kabisa, na pembeni kaandika: "Wakubwa kwanza."

Ala! Nilipanda ngazi za ofisi yake kwa hasira, msimamizi akinifuata nyuma akinivuta mkono nisije nikafukuzwa chuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mahamri."

"Sitaki mahamri. Mzee, makala hii ulichangia nini?"

"Boti," akasema bila kupepesa. "Mungeogelea?"

Nikafungua mdomo. Msimamizi akanifinya, kisha akasema kwa upole wa kuudhi, "Sawa, mzee. Basi Alhamisi utaiwasilisha wewe mbele ya idara. Si unajua desturi yetu, mwandishi wa kwanza ndiye husimama."

"Hilo dogo," akasema, akajipakulia hamri jingine.

Nililia chooni, sikufichi. Niliona joho langu linakwenda na maji.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mzee kavaa tai, akasoma slaidi zangu moja baada ya nyingine, sauti nzito ya redio. Akamaliza, akapigiwa makofi. Ndipo mwalimu mmoja akauliza, "Mzee, mulihakikishaje kwamba tofauti ni ya hifadhi wala si ya kina cha maji?"

Jibu lilikuwa katika ukurasa wa nne. Tulipima katika kina kilekile pande zote mbili, na kuzamia kote nilizamia mimi. Mzee akanitazama. Nikatazama dari. Akamtazama msimamizi, naye kainamia simu yake. Jasho likamtoka, akapekua karatasi mbele, akapekua nyuma, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Kwani haya mambo aliandika nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Cheko lililopigwa pale, wallahi, hata yeye mwenyewe alicheka mpaka akalegeza tai. Nikasimama, nikajibu.

Jioni ileile akaniita ofisini. Jina lake kalifuta mwenyewe. "Kama ndiyo kuulizwa hivi, mimi niweke kwenye shukrani tu."

Nikaandika: tunamshukuru mkuu wa idara kwa kutupatia boti. Akasoma, akakunja uso.

"Na injini je? Ilikuwa mpya."

Nikaongeza injini. Jina langu lilikuwa kule juu, la kwanza, na siku ile hata nanga ningemwandikia.